Jinsi ya kusoma msimbopau kwenye picha, mstari kwa mstari

Piga picha ya msimbopau wa kawaida wa bidhaa, kisha hesabu mistari yake myeusi. Utapata 30. Chini ya mistari hiyo kuna tarakimu 13. Sasa ukiigawa mistari kwa utaratibu wake utagundua kwamba imechora tarakimu 12 tu. Ile ya kwanza kabisa, inayokaa peke yake upande wa kushoto nje ya mistari, haina hata mstari mmoja wa kwake, na bado skana huisoma bila kukosea. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuzisoma tarakimu zote 13 kwa macho na rula ya pikseli, pamoja na hiyo iliyofichwa. Unafaa pale namba iliyochapwa imechanika au kufutika, au unaposhuku kwamba namba na mistari haviendani.

Aina tunayoshughulika nayo ni EAN-13, ambayo ndiyo imebandikwa kwenye bidhaa nyingi za rejareja. Mfano wetu, mwanzo hadi mwisho, ni namba 2041736852905. Tumeanzia na 20 kwa makusudi: namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka, kwa hiyo mfano huu hautaangukia bidhaa ya mtu yeyote.

Kwanza, hakikisha unaangalia aina sahihi

Mistari 30 na tarakimu 13 ni EAN-13. Mistari 30 na tarakimu 12 ni UPC-A, ndugu yake mkubwa kutoka Marekani. Isome kwa njia hii hii kana kwamba ina sifuri mbele. Mistari 22 na tarakimu 8 ni EAN-8, ya vifungashio vidogo, ambayo mpangilio wake ni tofauti kidogo. Kama hakuna jozi ya mistari myembamba inayoshuka chini kuliko mingine katikati, huenda una msimbo wa usafirishaji au wa ghala, na jedwali lililo hapa chini halitakusaidia.

Kuandaa picha

Kipimo cha msingi ni upana wa mstari mwembamba kuliko yote. Tuuite moduli. Mstari mweusi unaweza kuwa na upana wa moduli 1, 2, 3 au 4, na mwanya mweupe kati ya mistari vilevile. Kwa ukubwa wa kawaida moduli ni milimita 0.33, na kiwango kinaruhusu kuupunguza msimbo hadi asilimia 80 au kuukuza hadi asilimia 200. Ukubwa halisi hautuhusu sana, kwa sababu jambo moja halibadiliki: kutoka ukingo wa kushoto wa mstari wa kwanza hadi ukingo wa kulia wa mstari wa mwisho kuna moduli 95 kamili.

Basi fanya hivi. Piga picha ukiwa umeikabili bidhaa moja kwa moja, bila kuinamisha simu. Usiisogeze simu karibu mno, maana kamera nyingi hupoteza fokasi. Afadhali urudi nyuma kidogo kisha ukate picha baadaye. Fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, inyooshe mpaka mistari isimame wima, halafu ikate kushoto na kulia ili ianzie hasa pale mstari wa kwanza unapoanza na kuishia pale wa mwisho unapoishia. Mwisho ibadilishe upana uwe pikseli 950. Sasa kila moduli ni pikseli 10, na kazi yote inayobaki ni kusoma namba kwenye rula.

Kama kabla ya kuibadilisha picha ilikuwa na upana wa chini ya pikseli 300 hivi, moduli moja haifiki hata pikseli nne za asili, na kuikuza hakuongezi taarifa yoyote. Kingo zitakuwa ukungu wa kijivu na utaanza kukisia. Picha zilizopita kwenye programu za kutumiana ujumbe huumia hapa kwanza, kwa kuwa hubanwa njiani. Omba faili la asili.

(Jambo la pembeni: msimbo wenye mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe utausoma vizuri kwenye picha, lakini skana inayotumia mwanga mwekundu huona karatasi nyeupe tupu. Ukikuta bidhaa inayogoma kaunta lakini inasomeka kwenye simu, anza kwa kuangalia rangi.)

Kugawa pikseli 950

Mwanzoni na mwishoni kuna mistari ya mpaka: mweusi, mweupe, mweusi, kila mmoja moduli moja. Katikati kuna mpaka wa moduli tano: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Hiyo haibebi tarakimu; kazi yake ni kuiambia skana msimbo unaanzia wapi, unaishia wapi, na moduli moja ina upana gani. Ndiyo ile mistari mirefu inayopenya kati ya namba.

Kila tarakimu kati ya zile 12 inachukua moduli saba, yaani pikseli 70. Kwa hiyo upande wa kushoto tarakimu zinaanzia pikseli 30, 100, 170, 240, 310 na 380. Mpaka wa katikati unakaa kati ya 450 na 500. Upande wa kulia zinaanzia 500, 570, 640, 710, 780 na 850, na mpaka wa mwisho unafunga kutoka 920 hadi 950.

Kama bidhaa ni chupa au kopo, mgawanyo huu hautakaa sawa, kwa sababu mviringo hubana mistari ya pembeni. Hapo achana na pikseli na uhesabu mistari. Kila tarakimu ina mistari miwili myeusi na mianya miwili, bila kasoro. Mstari wa 1 na wa 2 ni mpaka, wa 3 na 4 ni tarakimu ya kwanza ya kushoto, wa 5 na 6 ni ya pili, na kuendelea hadi wa 14. Wa 15 na 16 ni mpaka wa katikati, 17 hadi 28 ni upande wa kulia. Pima upana wa kila tarakimu peke yake, ugawanye kwa 7, na hiyo ndiyo moduli ya eneo hilo. Kumbuka tu kwamba tarakimu za kushoto huanza na mwanya na kuishia na mstari, ilhali za kulia huanza na mstari na kuishia na mwanya.

Kutoka pikseli hadi tarakimu

Ndani ya kila tarakimu andika upana wa sehemu zake nne kwa mfuatano, kwa moduli. Jumla lazima iwe 7. Jedwali lenyewe ni fupi:

```
0  3-2-1-1
1  2-2-2-1
2  2-1-2-2
3  1-4-1-1
4  1-1-3-2
5  1-2-3-1
6  1-1-1-4
7  1-3-1-2
8  1-2-1-3
9  3-1-1-2
```

Anzia kulia, kwa sababu kule hakuna ujanja. Kwenye mfano wetu, kutoka pikseli 500 tunakuta mweusi 10, mweupe 20, mweusi 10, mweupe 30. Hiyo ni 1-2-1-3, yaani 8. Inayofuata, kutoka 570, ni 1-2-3-1: tano. Kisha 2-1-2-2, ambayo ni 2. 3-1-1-2, ambayo ni 9. 3-2-1-1, ambayo ni 0. Na ya mwisho 1-2-3-1 tena, 5. Upande wa kulia umetupa 852905.

Sasa hamia kushoto. Pikseli 30 hadi 100: mweupe 30, mweusi 20, mweupe 10, mweusi 10. Ni 3-2-1-1, yaani 0. Kutoka 100: 1-1-3-2, yaani 4. Kutoka 170 tunapata 1-2-2-2, na hapa jedwali linakwama. Hakuna tarakimu yenye mfuatano huo. Usirudie kupima, hukukosea. Usome kinyumenyume: 2-2-2-1, ambayo ni 1. Inayofuata ni 2-1-3-1, nayo haipo; ikigeuzwa ni 1-3-1-2, yaani 7. Ya tano ni 1-4-1-1, ambayo inasomeka ilivyo: 3. Ya sita ni 4-1-1-1, ikigeuzwa ni 1-1-1-4: sita. Kushoto tumepata 041736.

Hakuna mfuatano kwenye jedwali ambao ukigeuzwa unafanana na mwingine, kwa hiyo huwezi kuchanganya iliyogeuzwa na isiyogeuzwa. Na kugeuzwa huko si ajali ya mchapaji. Ndiko ilikofichwa tarakimu ya kwanza.

Tarakimu isiyo na mistari

Msimbo wa UPC ulianza kutumika dukani Marekani mwaka 1974, ukiwa na nafasi ya tarakimu 12. Ulaya ilipotaka mfumo wake miaka michache baadaye, ilihitaji tarakimu moja zaidi ili nchi nyingi zigawane namba, lakini bila kuongeza upana wa msimbo na bila kuzifanya namba za Marekani zisisomeke. Suluhisho lilikuwa kutoichora tarakimu ya ziada bali kuionyesha kwa namna zile sita za kushoto zilivyoandikwa.

Kwa kila tarakimu ya kushoto, jumlisha moduli nyeusi peke yake. Isiyogeuzwa daima itatoa idadi witiri, yaani 3 au 5. Iliyogeuzwa itatoa idadi shufwa, 2 au 4. Kwenye mfano wetu hesabu ni 3, 3, 4, 2, 5, 2. Ukiandika W kwa witiri na S kwa shufwa, unapata WWSSWS. Linganisha:

```
0  WWWWWW     5  WSSWWS
1  WWSWSS     6  WSSSWW
2  WWSSWS     7  WSWSWS
3  WWSSSW     8  WSWSSW
4  WSWWSS     9  WSSWSW
```

WWSSWS ni 2. Namba imekamilika: 2 041736 852905.

Utaona kwamba sifuri ni witiri tupu. Huo ndio UPC wa Marekani ulivyokuwa tangu mwanzo, na ndiyo maana namba ya tarakimu 12 inaingia kwenye mfumo wa 13 kwa kuongezewa sifuri bila mstari hata mmoja kubadilika.

Angalia pia kwamba kila mpangilio unaanza na W. Hapo ndipo skana inapojua kama bidhaa imepitishwa kichwa chini. Tarakimu zote za kulia zina moduli nyeusi shufwa, kwa hiyo ukisoma msimbo uliopinduliwa, tarakimu ya kwanza utakayokutana nayo itakuwa shufwa. Kwenye picha iliyokatwa ambayo namba zake hazionekani, hiki ndicho kipimo chako cha kujua upande wa juu.

Pale wino unaponenepa

Vipimo vya 10, 20 na 30 kamili ni vya kitabuni. Kwenye kifungashio halisi wino hutanuka, mistari myeusi hunenepa na mianya hukonda. Tarakimu ya 4 pale pikseli 100 ingeweza kupimika mweupe 8, mweusi 13, mweupe 27, mweusi 22. Hapo bado unaweza kukadiria 1-1-3-2. Wino ukizidi, mweupe wa 10 unakuwa 5 na mweusi wa 10 unakuwa 15, na huyo wa 15 ni 1 au ni 2?

Njia ya kutoka ni kuacha kupima mstari mmoja mmoja. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa mstari mweusi hadi ukingo wa kushoto wa mstari unaofuata. Wino ukitanuka kingo zote mbili husogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, hivyo umbali kati yao haubadiliki. Vivyo hivyo kutoka ukingo wa kulia hadi ukingo wa kulia.

Njia hii inatatua karibu kila tarakimu, isipokuwa jozi mbili sugu. Tarakimu ya 1, 2-2-2-1, na ya 7, 1-3-1-2, zote hutoa 4 na 4 ukijumlisha sehemu mbilimbili zinazofuatana. Ya 2 na ya 8 zote hutoa 3 na 3. Hapo inabidi urudi kwenye weusi wenyewe, lakini kwa jumla: jumlisha upana wa mistari miwili myeusi ya tarakimu hiyo. Upande wa kulia, 1 na 2 zina moduli nne nyeusi kila moja, na 7 na 8 zina mbili. Upande wa kushoto zikiwa witiri, 1 na 2 zina tatu, 7 na 8 zina tano. Zikiwa shufwa ni nne kwa mbili, kama kulia. Tofauti daima ni moduli mbili nzima, pikseli 20, kwa hiyo hata chapa mbaya huvumilika. Ukiwa na shaka kuhusu picha yoyote, anzia kwa kukagua hizi nne.

Kuhakiki

Tarakimu ya 13 haielezi bidhaa. Inakokotolewa kutokana na zile 12. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 2+4+7+6+5+9 ni 33. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 0+1+3+8+2+0 ni 14, zidisha kwa 3 upate 42. Ukijumlisha 33 na 42 unapata 75. Kinachohitajika ili kufika kwenye makumi kamili, 80, ni 5. Ndiyo tarakimu yetu ya mwisho.

Hesabu hiyohiyo hurudisha tarakimu moja iliyofutika. Tuseme ya sita haionekani: 20417?6852905. Kokotoa bila hiyo, ukiijumuisha ya mwisho, na utapata 71. Nafasi ya sita huzidishwa kwa 3, kwa hiyo unatafuta tarakimu ambayo mara tatu yake inaishia na 9. Ni 3 peke yake. Zikifutika mbili, hesabu haikuambii kitu. Rudi kwenye mistari.

Namba inasema nini, na haisemi nini

Tarakimu mbili au tatu za mwanzo zinaonyesha ni tawi lipi la shirika la GS1 lililogawa namba. 400 hadi 440 ni Ujerumani, 690 hadi 699 ni China. Hapa ndipo watu wengi hupotoka: hiyo si nchi bidhaa ilikotengenezwa. Kampuni iliyosajiliwa Ujerumani inaweza kutengeneza popote na namba ikabaki ya 400. Vitabu huanza na 978 au 979, na namba nzima ni ISBN ya kitabu. Majarida huanza na 977.

Zinazofuata ni namba ya kampuni, kisha ya bidhaa, lakini usijaribu kuchora mstari kati yao kwa macho. Urefu wa namba ya kampuni hutofautiana, na mwanya unaouona katikati ya tarakimu umewekwa na mpaka wa mistari, si na maana ya namba. Bei haimo, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Skana husoma namba, kisha kompyuta ya duka huitafuta kwenye orodha yake. Isipokuwa hizi za 20 hadi 29 kama mfano wetu: duka linaweza kupachika humo uzito au bei ya kitu kilichopimwa kwenye mizani, kwa mpangilio ambao linaujua lenyewe.

Kosa linalopita kwenye hesabu

Hesabu ya uhakiki hunasa kila kosa la tarakimu moja, ikiwemo kuchanganya 1 na 7 au 2 na 8. Hunasa pia tarakimu jirani zilizobadilishana nafasi, ila zile zinazotofautiana kwa 5: 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9. Mfano wetu unaishia na 05. Mtu akiinakili namba kwa mkono akaandika 2041736852950, hesabu itafika makumi kamili vilevile na kompyuta itaipokea. Kwenye picha jibu liko pikseli 780: sifuri inaanza na mstari mnene wa pikseli 30, tano inaanza na mwembamba wa 10.